Jiwe la Bahati: Lipime Kabla Hujalilipia

Siku ya mnada, pembeni ya wauza mitumba na majembe, hukosi kumkuta mtu ametandika kitambaa cheusi chini na kupanga juu yake pete, shanga na vipande vya mawe vinavyong'aa. Ukisimama tu, anaanza. Hili la bluu linashusha presha. Hili jekundu linang'arisha nyota. Hili jeupe ukilala nalo chini ya mto, ndoto mbaya zinakoma. Anayasema kwa haraka na kwa uhakika, na kabla hujauliza chochote ameshakuvika pete kidoleni.

Kenyamonta si mahali pa kumcheka mtu anayeamini kwamba jiwe linaweza kubadili maisha. Ng'ambo ya Mto Mara iko Nyamongo, na huku kila mtu anamjua mwenzake aliyeingia shimoni na mfuko mtupu akatoka na pesa ya kujenga nyumba ya bati. Anamjua pia aliyepeleka kuku na fedha kwa mganga ili shimo lake "lifunguke." Kwa hiyo anayekuja na jiwe la bahati anapanda mbegu kwenye shamba lililokwisha kulimwa, na analijua hilo.

Mwongozo huu hauna ugomvi na imani yako. Kama pete ya akiki aliyokuachia babu inakutuliza moyo, ivae. Hakuna mizani ya kupima utulivu. Ugomvi wangu uko kwenye bei. Muuzaji wa jiwe la bahati anakuuzia vitu viwili kwa pamoja, jiwe na maneno, na bei anaitaja moja. Kazi yako ni kuvitenganisha. Jiwe lina aina, uzito, rangi na mkato, na vyote hivyo vinapimika. Maneno hayapimiki, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya bei. Hapa Mara hatununui ng'ombe kwa sifa anazomwagiwa na mwenyewe. Tunamfungua mdomo tukahesabu meno. Na jiwe nalo lina meno yake.

Nitachukua mfano wa tanzanaiti, kwa sababu ndilo jina linalotajwa zaidi mtu anapouziwa jiwe la bluu nchini hapa, na kwa sababu historia yake inajulikana vizuri kiasi cha kukusaidia kumkamata mwongo.

Ukiambiwa kwamba tanzanaiti imetibu watu tangu enzi za wazee wa kale, jua papo hapo kwamba unadanganywa. Jiwe hili lilianza kujulikana duniani mwaka 1967, lilipopatikana katika vilima vya Mirerani, Simanjiro. Mwaka uliofuata kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanaiti na kulitangaza. Kabla ya hapo hakukuwa na mganga wa kale, mfalme wala kitabu chochote kilicholitaja kama dawa, kwa kuwa halikuwa na jina wala soko. Linachimbwa Mirerani tu, ndiyo maana serikali ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 kulizunguka eneo hilo na kuuzindua Aprili 2018. Jiwe lenye umri huo sokoni haliwezi kuwa na siri za miaka elfu.

Vivyo hivyo kwa habari ya "jiwe la mwezi wako wa kuzaliwa." Wapo watakaokuuliza umezaliwa lini, kisha wakuchagulie jiwe lako kana kwamba nyota zenyewe zimeamua. Orodha inayotumika leo ilipangwa mwaka 1912 na chama cha masonara wa Marekani, watu waliokuwa na maduka ya kuuza vito hivyo hivyo. Tanzanaiti iliongezwa kwenye mwezi wa Desemba mwaka 2002, na walioiongeza ni wafanyabiashara wa vito. Hakuna ubaya kumpa mtoto wa Desemba hereni za tanzanaiti. Ila ujue kwamba uhusiano wa jiwe hilo na Desemba uliamuliwa na wauzaji.

Vipi kuhusu wale wanaoapa kwamba wakilishika jiwe mkononi wanasikia joto, msisimko, au wepesi kichwani? Hawasemi uongo, wanasikia kweli. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Chris French wa chuo cha Goldsmiths, London, alieleza matokeo ya jaribio lake: aliwapa watu 80 mawe ya kushika, baadhi ya kweli na baadhi ya bandia, bila wao kujua nani ana lipi. Wenye mawe bandia walisikia mambo yale yale waliyosikia wenye mawe ya kweli. Na walioelezwa mapema kitu cha kutarajia walisikia zaidi. Hilo ndilo la kukumbuka unapokuwa mbele ya kitambaa cheusi: yule anayekwambia "utaona mkono unapata joto" ameshaanza kukupa joto hilo kwa mdomo wake. Na kwa upande wa bei, maana yake ni nyepesi. Ikiwa kioo kinaleta hisia zile zile, basi hisia haziwezi kuwa ushahidi kwamba jiwe ni la kweli, wala haziwezi kuhalalisha laki tano.

Tuje kwenye fedha. Vito vinauzwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Gramu moja ni karati tano. Usichanganye na karati za dhahabu, ambazo ni kipimo cha usafi. Hapa ni uzito mtupu. Muuzaji akikwambia "hili ni karati kumi," anasema gramu mbili, na mizani ya mnunuzi yeyote wa dhahabu itakuthibitishia.

Bei yenyewe tunaweza kuipatia mahali pa kusimama. Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Nchi nzima ilizungumzia mabilioni, lakini wachache waligawanya. Mawe yote mawili yalikuwa na gramu kama 14,370. Gawanya, unapata kama shilingi 538,000 kwa gramu, au shilingi 108,000 kwa karati. Hayo ni mawe ghafi, hayajakatwa, na ukubwa wake haukuwa umewahi kuonekana. Kwa hiyo usiichukue namba hii kama bei ya leo ya kila tanzanaiti. Yapo mawe hafifu, yaliyopauka au yenye nyufa, yanayouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na yapo yaliyokatwa, yenye bluu nzito na yasiyo na doa, yanayoizidi mbali. Lakini sasa una kigingi cha kufungia hesabu yako, na muuzaji wa mnadani hategemei uwe nacho.

Jiwe ghafi likikatwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito huishia kwenye vumbi la mashine. Kupata karati sita zilizokatwa, fundi anaweza kuanza na karati kumi na tano. Ukipiga kwa bei ile ya 108,000, ni shilingi 1,620,000 kabla fundi hajalipwa. Kwa hiyo mtu akikuletea jiwe la karati sita, la bluu safi, lililokatwa vizuri, akalitaka laki nne na nusu "kwa sababu ana shida ya haraka," bei ndogo hiyo nayo ni ushahidi dhidi yake. Watu wengi huogopa kupigwa kwa bei kubwa. Kwenye vito, aliyeibiwa ni mara nyingi yule aliyedhani ameokota.

Sasa tulipime. Kenyamonta hatuna maabara ya vito, lakini tuna kitu ambacho miji mingi haina: mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Ile ndogo ya kidijitali, inayosoma hadi 0.01 ya gramu, inatosha. Unachotafuta ni uzito wa jiwe kwa ujazo wake, kwa sababu kila aina ya jiwe ina namba yake, na namba hiyo haisikilizi maneno ya mtu. Tanzanaiti ni kama 3.35. Kwatzi, liwe jeupe au la zambarau, ni 2.65. Yakuti nyekundu na yakuti ya bluu ni 4.0. Kioo cha kawaida ni kama 2.5. Zirkonia ya kutengenezwa kiwandani, inayouzwa sana kama almasi, inakaribia 5.8, na utaisikia nzito hata mkononi.

Mpango ni huu. Pima jiwe likiwa kavu, uandike namba. Halafu weka juu ya mizani kikombe kidogo cha plastiki chenye maji, ubonyeze kitufe cha TARE ili mizani irudi sifuri. Kifunge kile kito kwa uzi mwembamba sana, wa nailoni ikiwezekana, ukizamishe chote majini ukiwa umekishikilia kwa juu. Kisiguse chini wala pembeni mwa kikombe. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hiyo ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa maji ni sawa na ujazo wa jiwe. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Basi.

Kosa kubwa la kipimo hiki ni mapovu. Povu dogo likinata kwenye jiwe linaongeza ujazo na kukupa jibu la chini. Tone moja la sabuni ya maji ndani ya kikombe linasaidia, na ukitingisha uzi kidogo mapovu yanaachia. Pima mara tatu. Namba zikipishana sana, kuna kitu hakijakaa sawa. Jiwe dogo kuliko nusu gramu usilipime hivi, kwani kosa la 0.01 tu litakuharibia jibu lote. Na jiwe lililokwisha kufungwa kwenye pete haliwezekani, maana utapima na chuma. Hapo ndipo utagundua kwa nini wauzaji wa mawe ya bahati hupenda sana kuyauza yakiwa tayari kwenye pete.

Chukua mfano. Umeletewa jiwe la zambarau-bluu, halijafungwa popote, kwa shilingi 450,000. Anasema ni tanzanaiti ya Mirerani, inashusha presha na kufungua milango ya biashara. Kavu lina gramu 1.20, sawa na karati sita kama alivyosema. Hapo amesema kweli, na huo ni ufundi wa zamani: kweli ndogo hutangulia ili uongo mkubwa upite. Ukilizamisha, mizani inasoma 0.48. Gawanya 1.20 kwa 0.48, unapata 2.5. Lingekuwa tanzanaiti, mizani ingesoma 0.36. Tofauti ya 0.12 si kosa la mkono. Ulicho nacho mkononi kina uzito wa kioo.

Kabla hujamrudishia, lichukue juani uliangalie. Tanzanaiti ina tabia ambayo kioo hakina: ukiigeuza taratibu mbele ya mwanga, upande mmoja inaonyesha bluu na upande mwingine zambarau, kana kwamba ni mawe mawili ndani ya moja. Kioo ukikigeuza hata siku nzima rangi ni ile ile. Chukua na lenzi ya sonara, ile inayokuza mara kumi, utazame ndani. Vitundu vya mviringo vya hewa, kama vya ndani ya chupa, ni alama ya kioo. Kingo za mkato zilizolainika, kama za pipi iliyonyonywa kidogo, zinaonyesha kwamba kitu hicho kilimiminwa kwenye kalibu wala hakikukatwa. Katika mfano wetu utakuta rangi moja, na karibu na ukingo vitundu viwili au vitatu. Imekwisha. Thamani yake ni ya kioo cha rangi, na hailipii hata bodaboda ya kwenda Mugumu na kurudi.

Lakini usije ukaondoka hapa ukidhani umekuwa mtaalamu. Kipimo cha maji kinakataa vizuri kuliko kinavyokubali. Ukipata 2.5, sema kwa sauti kwamba si tanzanaiti. Ukipata 3.35, sema tu kwamba huenda ni yenyewe. Kuna vioo vizito vyenye risasi vinavyofika namba hiyo, na kuna mawe ya kiwandani yaliyotengenezwa makusudi kuiga tanzanaiti yanayoikaribia na hata kugeuza rangi kidogo. Pale fedha inapokuwa ya ng'ombe wawili au watatu, jiwe liende kwa mtaalamu wa vito mwenye vifaa. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, na kuna wakataji wanaoshika mawe haya kila siku. Muuzaji mkweli atakubali jiwe lifungwe kwenye bahasha, lisainiwe na wote wawili, likapimwe. Anayesema jiwe "litakimbia" likisafiri, amekujibu.

Usijaribu pia ubishi wa kukwaruza. Wapo wanaosugua jiwe kwenye kioo cha dirisha na kutangaza kwamba likikwaruza basi ni la kweli. Kwatzi la bure kutoka kwenye kifusi nalo linakwaruza kioo. Na tanzanaiti yenyewe, ijapokuwa ni ngumu, hupasuka kirahisi ikigongwa. Unaweza kuharibu mali ya mtu ukalazimika kuilipa.

Jambo jingine linalowatatiza wanunuzi ni moto. Karibu tanzanaiti yote ya bluu iliyoko sokoni ilipashwa moto, kiasi cha nyuzi 500 hadi 600, ili rangi ya kahawia iondoke na bluu itokee. Huo si utapeli. Biashara nzima inalijua na bei imeshazingatia. Ila mtu anayekuuzia "jiwe lenye nguvu asilia ambalo halijaguswa na binadamu" kwa bei ya juu, huku jiwe lina bluu ya kung'aa, maneno yake na jiwe lake havipatani.

Akiki na feruzi nitazipitia kwa haraka. Akiki imevaliwa pwani yetu kwa karne nyingi. Shanga zake zilikuja kwa majahazi kutoka Khambhat, Gujarat, na wapo Waislamu wanaoivaa kwa heshima ya dini. Hiyo ni imani yenye mizizi, tofauti na ya tanzanaiti. Lakini hata hivyo, akiki ni jamaa ya kwatzi, inapatikana kwa wingi duniani, na nyingi ya rangi kali huwa zimetiwa rangi. Kwenye pete ya akiki, fedha na kazi ya sonara mara nyingi vina thamani kuliko jiwe. Pima uzito wa pete nzima, tafuta muhuri wa 925 ndani yake, halafu jadili bei kwa gramu za fedha na ufundi. Feruzi ndiyo inayoigwa zaidi: jiwe jeupe la bei ndogo hutiwa rangi ya samawati likauzwa kwa jina hilo. Lowesha pamba kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, uisugue nyuma ya jiwe mahali pasipoonekana. Pamba ikigeuka bluu, umeshajua.

Sasa lile jeupe, la chini ya mto. Kwa mtu wa eneo hili, kununua kwatzi jeupe kama jiwe la nguvu ni kichekesho, maana ndiyo miamba ambayo dhahabu hupita ndani yake na wachimbaji huiponda wakaitupa. Kipande kikubwa, kisafi, chenye pande sita kina thamani yake kama pambo, na mtu anaweza kukipenda mezani kwake. Kingine ni changarawe. Muuzaji aliyesoma kidogo atakwambia kwatzi lina nishati, na ushahidi ni saa ya mkononi. Nusu ni kweli. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba kwatzi likibanwa hutoa umeme kidogo sana. Ukilipitishia umeme, linatetema, na ndani ya saa hutetema mara 32,768 kwa sekunde, ndiyo maana saa hukosea kidogo sana. Lakini toa betri uone. Saa inasimama palepale. Kwatzi halikuwa na nishati ya kutoa. Lilikuwa linakopa kwenye betri.

Hadi hapa tulikuwa tunazungumza juu ya kupoteza fedha. Kuna mahali ambapo unapoteza zaidi. Wapo wanaoshauri uloweke jiwe usiku kucha, asubuhi unywe yale maji. Usifanye hivyo kwa jiwe lolote usilolijua, na usifanye kabisa kwa jiwe la machimboni. Malakiti, lile la kijani lenye michirizi, lina shaba. Galena, zito lenye kung'aa kama risasi, ndiyo madini ya risasi yenyewe. Sinaba, jekundu la kupendeza, lina zebaki. Mawe yanayobeba dhahabu mara nyingi huja na arseniki, na yaliyopita kwenye karasha na makaro ya kuchenjulia huenda yameshaguswa na zebaki ya wachimbaji. Mtoto akinyweshwa maji hayo kama dawa ya degedege, jiwe litakuwa limeongeza ugonjwa wa pili.

Na dawa za hospitali zisiguswe. Presha haina kelele. Mtu huvaa pete, akajisikia vizuri, akaacha vidonge, akaanguka shambani. Wa kifua kikuu akikatisha dozi yake katikati kwa sababu ameona nafuu, ugonjwa hurudi ukiwa mgumu kutibika. Ukitaka kuvaa jiwe huku unakunywa dawa, vaa, ni shingo yako. Lakini muuzaji akisema dawa "zinapingana na jiwe," funga mfuko uondoke. Huyo si mganga wala sonara. Waganga wa tiba asili nchini wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, na una haki ya kumwomba anayejiita mganga akuonyeshe usajili wake.

Mwisho, sikiliza masharti, kwa sababu humo ndimo bei ya maneno inapojificha. Usilionyeshe kwa mtu: maana yake hutalipeleka kwa sonara. Usipunguze bei, nguvu itapungua: maana yake usijadili. Liletwe kila mwezi "lisafishwe" kwa elfu ishirini: kwa mwaka umeshalipa laki mbili na elfu arobaini juu ya bei ya kwanza, na jiwe bado ni lile lile. Sharti lolote linalokuzuia kupima, kuuliza au kulinganisha halitoki kwenye jiwe. Linatoka mfukoni mwa mwenye jiwe. Akikuletea jiwe ghafi la vito akalinadi barabarani, mwulize pia leseni. Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, biashara ya madini inahitaji leseni ya Tume ya Madini, na wewe mnunuzi hutaki kukutwa umeshika mzigo usioweza kuueleza ulikotoka.

Ukifika hapo na bado unalipenda, muulize bei ya jiwe bila maneno, ulipime, ulipe kwa aina yake na karati zake. Kisha dai risiti yenye jina la muuzaji, aina ya jiwe, uzito wake na fedha uliyotoa. Asipokubali kuandika neno "tanzanaiti" kwa mkono wake na kuweka saini chini yake, usinunue.